Baiskeli Iliyoibwa Mara Mbili

Mpwa wangu yuko kidato cha pili. Jumapili moja jioni alinitumia kwenye simu picha ya daftari lake la Kiingereza, na chini yake akaandika: "Shikamoo mjomba. Hebu nitazamie hii." Lilikuwa zoezi la kujaza nafasi, sentensi kumi zenye mistari mitupu. Ya tatu ilisomeka "My bike ____ last night", na pembeni kimewekwa kitenzi cha kutumia, "steal". Yeye alikuwa ameandika "got stolen". Kalamu nyekundu imepita juu ya "got", na juu yake pameandikwa "was". Alama, sifuri.

Nikampigia. "Marahaba. Kwani wewe ulitaka kuandika nini?"

"Hiyohiyo, mjomba. Mbona kwenye sinema ndivyo wanavyosema?"

Ndivyo wanavyosema, kweli. Mwingereza au Mmarekani anayeamka na kukuta mnyororo umekatwa na baiskeli haipo, akimsimulia jirani yake atasema kwa wepisi "My bike got stolen". Huyohuyo akienda kutoa taarifa polisi, karatasini itaandikwa "was stolen". Baiskeli ni moja na mwizi ni mmoja, lakini kwa Kiingereza imeibwa mara mbili, kila mara kwa kitenzi chake. Mwalimu alitaka ile ya polisi na mtoto akaandika ile ya jirani, na zoezi lenyewe halikusema ni nani anayezungumza na nani.

Kwa Kiswahili kazi hii tunaimaliza kwa herufi moja. Iba, ibwa. Kamata, kamatwa. Kiingereza hakina herufi ya namna hiyo, kwa hiyo hutumia maneno mawili: kitenzi kidogo kinachotangulia, na nyuma yake umbo maalumu la kitenzi kikuu, kama "stolen" au "broken". Vitabu vya shule hufundisha kwamba kitenzi kidogo hicho ni "be" na ukoo wake wote, "is", "was", "been". Wanachokipita haraka ni kwamba tangu karne ya 17 watu walianza kuchomeka "get" mahali pale pale, na kuanzia hapo matumizi hayo hayakukoma, bali yamezidi kuongezeka, hasa mdomoni. Leo yamejaa kwenye mazungumzo. Kwenye hukumu za mahakama na ripoti za maabara huyaoni kabisa. Hakuna mkemia anayeandika kwamba kimiminika "got heated".

Ingekuwa tofauti ni ya mavazi tu, suti na kaptura, habari ingeishia hapo. Lakini vitenzi hivi viwili havisemi jambo lilelile. Mwaka 1949 mwanaisimu Anna Granville Hatcher aliandika makala kuhusu tofauti hii, akaeleza kwamba "get" huja pale msemaji anapoona tukio limemletea mtendwa heri au shari. Mtu "got promoted" au "got fired", amepandishwa cheo au amefukuzwa kazi. Nusu karne baadaye, mwaka 1999, Ronald Carter na Michael McCarthy walichambua mkusanyo wa mazungumzo halisi ya Waingereza, maneno milioni 1.5 yaliyorekodiwa watu wakiongea mambo yao ya kila siku. Walizipata sentensi za namna ya "he got killed" 139, na katika hizo 124 zilihusu jambo ambalo msemaji aliliona baya au la usumbufu. Kuibiwa, kugongwa, kukamatwa, kutukanwa. Zilizobaki ndizo zenye heri au zisizo na upande. Na katika sehemu kubwa ya sentensi hizo aliyetenda hatajwi. Mzungumzaji hana haja na mwizi, macho yake yako kwa aliyepatwa.

Kwa hiyo "got" hubeba sauti ya msemaji. Anayesema "was stolen" anatoa taarifa, na anayesema "got stolen" anatoa taarifa na kuguna kidogo. Chukua Daraja la Kigamboni, lililofunguliwa mwaka 2016. "The bridge was built" ni sentensi ya kitabu cha jiografia, haina la ziada. Sema "The bridge finally got built" na mara unamsikia mtu aliyepanga foleni ya pantoni miaka nenda rudi akishusha pumzi. "Got" bila neno la kuisindikiza kama hilo "finally" ingesikika vibaya kidogo hapa, kwa sababu daraja halifurahi wala haliumii. Inabidi tuambiwe kuna mtu aliyekuwa akisubiri au akihangaika.

Kuna jambo la pili ambalo Mswahili atalielewa upesi kuliko wanafunzi wengi wa dunia hii. Sisi tuna vunjwa na tuna vunjika. Dirisha likivunjwa, pana tendo na pana mkono. Likiwa limevunjika, tunaeleza hali tuliyolikuta nayo. Kiingereza kwa "The window was broken" kinayachanganya haya mawili katika chungu kimoja. Yaweza kuwa jiwe lilirushwa saa nne asubuhi, yaweza kuwa tumehamia nyumba tukakuta kioo hakipo. "The window got broken" haina utata huo. Hiyo ni tukio tu, kuna wakati dirisha lilikuwa zima na kuna wakati likavunjika. Ndiyo maana vitenzi visivyo na tukio ndani yake havikubali "get". Jibu ambalo kila mtu analijua "is known to everyone", na ukisema "gets known to everyone" msikilizaji atadhani unasimulia jinsi siri ilivyovuja.

Sasa turudi kwenye mstari mtupu, maana hapo ndipo mambo yanapojificha. Zoezi la kukamilisha sentensi tunalijua kama kipimo cha shule, lakini wanaisimu nao hulitumia, kwa nia nyingine. Mwalimu ana jibu mfukoni. Mwanaisimu hana, anataka kuona watu wataweka nini. Randolph Quirk, aliyeanzisha mwaka 1959 mradi mkubwa wa kukusanya Kiingereza jinsi kinavyotumika, alichapisha mwaka 1970 pamoja na Sidney Greenbaum kitabu kizima cha majaribio ya namna hii. Waliwapa watu mwanzo wa sentensi na kuwaacha wamalizie. Ukimpa Mwingereza maneno "I badly", karibu kila mara atamalizia kwa kuhitaji au kutaka kitu. Ukimpa "I entirely", atakubaliana na mtu. Hakuna sheria ya sarufi inayomlazimisha, ila ulimi una njia zake za miguu ambazo umezipita mara elfu, na sentensi iliyokatwa katikati huzionesha njia hizo.

Ukitaka kujua watu huchagua "got" au "was", basi, kazi inaonekana rahisi. Andika sentensi, toboa tundu, hesabu majibu. Tatizo ni kwamba tundu lenyewe linaweza kuwa limeshachagua kabla mtu hajashika kalamu.

Sababu ni hii. "Was" ni kitenzi kisaidizi halisi na hujitegemea. Akitaka kukanusha, hujikanusha mwenyewe: "wasn't stolen". Akitaka kuuliza, huruka mbele: "Was it stolen?" "Got" hana ubavu huo. Kwa tabia za sarufi ni kitenzi cha kawaida tu kama kula na kwenda, na kila penye kukanusha au kuuliza lazima amwite "did" amsaidie: "It didn't get stolen", "Did it get stolen?" Sasa fikiria mtunga zoezi ameandika "____ it stolen?" na mstari wa neno moja mbele. Hata mtu ambaye tangu azaliwe anasema "get" hana pa kukiweka. Ataandika "Was", na mhesabuji atafurahi kwamba watu hawapendi "get" kwenye maswali, kumbe ni mlango alioufunga yeye mwenyewe.

Mtego mzuri kuliko yote ni neno "never". Visaidizi hukaa kabla yake na vitenzi vya kawaida hukaa baada yake. "My bike was never stolen", lakini "My bike never got stolen". Kwa hiyo tundu likiwa kushoto kwa "never" linamwita "was", na likiwa kulia linamwita "got". Neno moja limesogezwa hatua moja na majibu yamegeuka. Wasomaji wanaotunga mitihani wajaribu hili kwa karatasi zao za zamani. Nadhani watacheka, au watanyamaza.

Nilimtungia mpwa wangu sentensi tano, nikamwambia ajaze akijifanya yuko kituo cha daladala anaongea na rafiki, si na mwalimu. Maelezo hayo ni muhimu kuliko yanavyoonekana. Mtu akipewa karatasi yenye mistari mitupu hukaa kimtihani, mgongo unanyooka, na anaandika anachodhani kinatakiwa badala ya anachosema. Anayesema "got" mchana kutwa ataandika "was" jioni. Dawa yake ni kuzungushia sentensi mazingira ya mazungumzo: mtu anayemwita mwenzake, kifupisho hapa na pale, kisa chenyewe kiwe cha mtaani. Hata hivyo dawa haiponyi kabisa, kwa sababu kalamu ni kalamu.

Ya kwanza ilikuwa "Man, my phone ____ stolen on the bus". Aliandika "got", na hapo sina la kusema. Ya pili, "The meeting ____ opened by the chairman at nine", akaandika "was". Nilimuuliza kwa nini, akasema, "Mwenyekiti huyo, mjomba." Jibu zuri. Mkutano haukupatwa na lolote, mtenda ametajwa kwa cheo chake, na sentensi nzima imevaa tai.

Ya tatu alianguka. "The window ____ already broken when we moved in." Akaweka "got". Nikamwambia aisome kwa Kiswahili. Akasoma, "Dirisha lilikuwa tayari limevunjika tulipohamia." Nikamuuliza, lilivunjwa au lilikuwa limevunjika? Akakaa kimya kidogo, halafu akafuta. Neno "already" pamoja na kule kuhamia vimeshasema kwamba tunaikuta hali, hatushuhudii tukio. Hapa "got" ingemfanya Mwingereza ajiulize nani aliwahi kurusha jiwe wakati lori la vyombo likiwa mlangoni.

Ya nne ilikuwa ule mtego wa "never", tundu likiwa kushoto. Naye aliingia mzimamzima: "My phone got never stolen." Si kosa la uzembe. Alishajua kwamba simu huenda na "got", akaing'ang'ania hata pale sarufi ilipomkatalia. Nilimsogezea "never" kushoto na "got" yake ikakaa vizuri. "My phone never got stolen." Kiingereza safi.

Ya tano ilikuwa "Run, or you'll ____ rained on!" Akaandika "be". Huwezi kumkosoa, ni sahihi. Ila hakuna mtu anayekimbia mvua akasema hivyo. Kwenye maonyo, vitisho na amri "get" ndiye mwenye nyumba: "Don't get caught", usije ukakamatwa. Ukiweka "be" hapo inakuwa kama tangazo lililobandikwa ukutani.

Baada ya majibu kukusanywa inakuja kazi ya kuyatenga, na hapa hata wataalamu hujikwaa. Si kila "got" yenye neno la namna ile nyuma yake ni ya kutendwa. "He got lost" amepotea, hakupotezwa na mtu. "She got dressed" amevaa mwenyewe. "They got tired" wamechoka, na hapo "tired" ni sifa kama "old" au "angry". Kipimo cha haraka ni kujaribu kuongeza mtenda kwa "by". "He got arrested by two policemen" inasimama, na "They got tired by" hushindwa kuendelea kama gari lililoishiwa mafuta. "Got married" inakera zaidi, kwa kuwa kasisi anaweza kutajwa lakini watu wanapoisema hawamfikirii kasisi hata kidogo. Na kwa bahati mbaya ni mojawapo ya miunganiko inayotokea mara nyingi sana. Anayehesabu zote kwa pupa atapata idadi kubwa ya "get" kuliko ilivyo, kisha atashangaa mbona watu wanafurahi sana wakati nadharia inasema "get" ni ya mikosi. Amehesabu harusi.

Kuna doa jingine dogo kwenye "get" ambalo zoezi la kujaza nafasi huliibua vizuri, nalo ni lawama. Linganisha "He was arrested" na "He got arrested". Ya pili humwacha mtu akijiuliza jamaa alifanya nini hadi yakamkuta. Ongeza "on purpose", yaani kwa makusudi, na tofauti inajitokeza waziwazi. "He got arrested on purpose" humaanisha yeye mwenyewe alitaka kukamatwa, labda apate habari gazetini. Na "He was arrested on purpose" huelekeza kusudi upande wa polisi. Mwanafunzi akipewa sentensi hiyo ina tundu, pamoja na kisa kifupi juu yake, utaona kama anaisikia tofauti au anabahatisha. Mimi huona hiki ni kipimo bora kuliko ile baiskeli, kwa sababu baiskeli haina kusudi.

Mpwa wangu, hata hivyo, ana haki ya kujisifu kwa jambo ambalo mwalimu hakulipa alama. Sentensi ile ya baiskeli ina shimo la Waswahili, naye alilikwepa. Sisi husema "nimeibiwa simu". Mimi ndiye niko mbele, simu inafuata, na kitenzi kimebeba ile -iw- inayonileta mimi niliyepatwa. Tukihamia Kiingereza tunaivusha hivyohivyo: "I was stolen my phone". Nimeisikia kwa makarani, kwa wachungaji, na siku moja kwa wakili. Kwa masikio ya Mwingereza mtu huyo amebebwa yeye mwenyewe begani, kwa sababu "steal" huweka mbele kitu kilichochukuliwa. Ukitaka mtu awe mbele, lugha yao inadai kitenzi kingine, "I got robbed", au mzunguko wa "I got my phone stolen", na hata huu wa mwisho baadhi yao huusikia kama vile ulipanga wizi huo.

Lakini ukiitazama ile -iw- yetu unaona kwamba "get" inajaribu kufanya sehemu ya kazi yake. Zote mbili zinamtazama aliyepatwa. Kuna mahali zinakutana barabara: nimenyeshewa, "I got rained on". Kiswahili kinaitumia hata pale ambapo hakuna mkosi, maana mtu huandikiwa barua na hupikiwa pilau. Na kinafika pasipofikika kwa Kiingereza: aliyefiwa hana kitenzi cha namna hiyo kule, inabidi aseme amempoteza mtu. "Get" ni binamu wa mbali, si pacha.

Wiki iliyofuata mvua za vuli zilianza. Siku ya Jumatano, saa tisa alasiri, simu yangu ikalia, ujumbe wa mpwa. "Mjomba, I got rained on. Na daftari nalo limelowa chapachapa." Kabla sijajibu akaongeza: "'My book got wet.' Hiyo nayo ni ya kutendwa?"

Nikamwandikia: "Jaribu kuiwekea 'by' uone."